Yai la Kwanza la Minza

Rhoda alikuwa hoi kwa kuponda mawe ya dhahabu kule Nyarugusu, lakini asubuhi hiyo hakwenda kazini. Alichemsha yai mpaka kiini kikawa kigumu kabisa, akaliponda, akalilainisha kwa maziwa yake mwenyewe, kisha akamlisha Minza, bintiye wa miezi saba, nusu kijiko cha chai.

"Siku nzima kwa ajili ya yai moja?" aliuliza wifi yake, Aneth, anayeshinda na Minza kila siku.

"Nesi kasema nimwangalie masaa mawili," Rhoda alifoka. "Vipele, midomo kuvimba, kutapika. Na akihema kwa shida, ni kukimbilia hospitali. Wewe ungeyajua hayo?"

Aneth akaketi kizingitini, akaanza kuchambua mchele.

Rhoda akakaa mkekani, macho yakimwasha kwa usingizi na vumbi la jana, akawa anamtazama mtoto tu. Ngozi ilikuwa safi, pumzi shwari. Masaa mawili yalipotimia Minza akacheka, na Rhoda akashtuka.

"Wifi, njoo uone! Fizi ina kitu cheupe!"

Aneth hakuinuka.

"Ni jino, wifi," alisema taratibu. "Lina wiki mbili sasa."