Njia Mbili za Imogen

Ujumbe wa mwalimu ulimkuta Maree kwenye mapumziko ya chai, katika banda la kufungashia machungwa huko Mildura, Australia.

"Maree na Stewart, habari zenu. Imogen hueleza hesabu vizuri; juzi alimsaidia mwenzake hadi akaelewa. Lakini katika majaribio matatu ameshuka kutoka kumi na saba hadi tisa kati ya ishirini. Sababu siijui. Nyinyi mnamjua kuliko mimi. Mnaona nini nyumbani? Tukutane Alhamisi saa tisa na nusu, au nipigieni simu mkipenda. Petrou."

Chini yake Stewart alikuwa ameshajibu: "Asante. Mimi na Philippa tutakuja."

Na Philippa! Damu ilimchemka Maree. Tangu aachane na Stewart, mtoto wao Imogen hulala kwake wiki moja na kwa baba yake wiki ya pili, na kila akirudi ni Philippa hivi, Philippa vile.

"Mbona umenuna, we mama?" Desma, mfungashaji mwenzake, alimtania. "Chungwa limekuuma?"

"Mke wa Stewart anataka kunipokonya mwanangu."

Alianza kuandika: "Kaiulize nyumba ile nyingine." Akausoma tena ujumbe. Hakuna aliyelaumiwa. Akafuta, akaandika tu: "Nitakuja."

Alhamisi Stewart alikwama kazini, Philippa akaja shuleni peke yake. Maree alikaa mbali naye. Petrou aliweka karatasi ya Imogen mezani.

"Niambieni mnachokiona," alisema.

Kila swali lilikuwa na mistari miwili ya hesabu, yote imekatwa, na nafasi ya jibu ni tupu. Mstari wa kwanza Maree aliujua: unahamisha namba upande wa pili wa mlinganyo, unageuza kujumlisha kuwa kutoa. Ndivyo alivyomfundisha.

"Huu wa pili ni wangu," Philippa alisema taratibu. "Unatoa namba ileile pande zote mbili."

"Njia zote mbili ni sahihi," alisema Petrou. "Angeshika yoyote angepata. Ila anaanza moja, anaikata, anaanza nyingine, anaikata, muda unakwisha."

Maree alijiona jikoni kwake, mwezi uliopita, akimnyang'anya mtoto penseli na kumfokea: "Usiniletee mambo ya Philippa humu ndani." Tangu siku ile Imogen hakumwomba msaada tena, na yeye alifurahi, akidhani mtoto amekua.

Angeweza kukaa kimya. Hakuna mezani pale aliyekuwa anajua.

"Ni mimi," alisema, uso ukimwaka. "Nilimkataza Imogen kutumia njia ya huyu. Kwa wivu tu."

Philippa aliinamisha macho. "Kwetu Imogen alisema njia yako ndiyo ya mama yake, hawezi kuiacha."

Maneno hayo yalimchoma Maree kuliko tusi. Wivu haukumtoka; alimtazama Philippa, bado akatamani asingekuwepo. Kisha akavuta kiti karibu naye, akachukua penseli.

"Haya, nionyeshe hiyo yako. Polepole, maana kesho ni zamu yangu kumchukua."