Sita za Wakesho

Mwalimu Ndambuki alikuwa amechoka tangu mwezi wa Januari. Mwenzake wa hesabu alihamishwa kwenda Mombasa, na serikali ilipoahidi mwingine, ikaishia hapo hapo kwenye ahadi. Kwa hiyo vidato vyote vya shule ile ya nje ya Voi vilimwangukia yeye, tangu watoto wa kidato cha kwanza wasiojua desimali hadi wale kumi na wanne wa kidato cha sita. Ukame wa mwaka wa themanini na nne nao ulikuwa umeshika. Vumbi liliingia hadi ndani ya chaki.

Karatasi za mtihani wa majaribio alizisahihisha kwa siku mbili, macho yakimwasha. Mwanzoni alisoma kila mstari. Kufikia swali la tisa alikuwa anatazama jibu la mwisho tu: likiwa sawa na lake anatia vyema, likiwa tofauti anatia kosa, anasonga mbele. Si haki hata kidogo, na alilijua hilo, lakini mtu aliyechoka hujisamehe upesi.

Matokeo yalikuwa na uzito. Mwalimu mkuu, Bwana Mwandawiro, alikuwa ameamua kwamba asiyefikisha hamsini atafanya hesabu ndogo katika mtihani wa taifa, na hesabu ndogo haimfikishi mtu kwenye uhandisi. Orodha ingeondoka na basi la saa nane. Wakesho, binti kutoka kijiji cha Rukanga aliyetaka uhandisi wa maji tangu akiwa darasa la sita, alipata arobaini na sita.

Alikuja kwenye chumba cha walimu saa nne, mkononi ana karatasi mbili, yake na ya Katuku, jirani yake wa dawati.

"Shikamoo, mwalimu. Ni swali la tisa."

"Wakesho, alama zimeshaandikwa."

"Najua. Lakini nimerudia mara tatu na sioni nilipokosea. Na ya Katuku pia nimeirudia. Yeye pia hajakosea."

Ndambuki alitaka kumfukuza. Alitaka kweli. Chai yake ilikuwa inapoa na kipindi kinachofuata kilikuwa cha watoto arobaini na nane. Ila lile la wote wawili kutokosea lilimkera, akavuta kiti.

Swali alilitunga mwenyewe. X ni idadi ya siku katika wiki ambazo mfereji wa shule hukauka, na jedwali linatoa uwezekano wa kila thamani. Kwa siku sifuri, 0.2. Kwa siku moja, 0.2. Mbili, 0.4. Tatu, 0.2. Nne, 0.1. Tafuta thamani tarajiwa, alama nne, kisha variansi, alama sita.

Thamani tarajiwa ni wastani wa muda mrefu: kila thamani unaizidisha kwa uwezekano wake, kisha unajumlisha. Sifuri, na 0.2, na 0.8, na 0.6, na 0.4. Jumla 2. Wote wawili walikuwa wameipata.

Katuku alipata variansi kwa njia ya mkato aliyofundishwa darasani. Alichukua miraba ya thamani, yaani sifuri, moja, nne, tisa na kumi na sita, akazidisha kila mmoja kwa uwezekano wake: sifuri, 0.2, 1.6, 1.8, 1.6. Jumla 5.2. Akatoa mraba wa wastani, yaani 4, akabaki na 1.2. Ndilo jibu la Ndambuki.

Wakesho alikwenda njia ndefu, ile ya maana yenyewe ya variansi: kila thamani iko mbali kiasi gani na wastani, umbali huo uupige mraba, uuzidishe kwa uwezekano. Sifuri iko mbili nyuma ya wastani, mraba wake nne, mara 0.2 ni 0.8. Moja inatoa 0.2. Mbili haitoi kitu. Tatu 0.2. Nne 0.4. Jumla 1.6.

Ndambuki aliirudia. 1.6. Akaurudia mkato. 1.2. Njia mbili hizo ni kitu kimoja, amezithibitisha ubaoni miaka kumi na moja, na haziwezi kutofautiana.

Ndipo akafanya lile analowaambia wanafunzi walifanye kabla ya lolote. Akajumlisha uwezekano: 0.2 na 0.2, 0.4. Na 0.4, 0.8. Na 0.2, moja kamili. Na 0.1.

Moja nukta moja.

Alilitazama tena jedwali lake. Uwezekano wote lazima ujumlike kuwa moja, na lake lilizidi. Siku sifuri za kukauka zilistahili 0.1, naye akaandika 0.2, akaupa mfereji ule heri ambayo haujawahi kuwa nayo. Kosa lilijificha mahali pazuri pa kujificha. Kwenye wastani lilizidishwa kwa sifuri likapotea, na kwenye mkato pia likapotea. Njia ndefu peke yake ndiyo iliyolibeba, kwa kuwa pale uwezekano wa sifuri huzidishwa kwa nne. Ungeweka 0.1, 0.8 ya Wakesho ingekuwa 0.4, na njia zote mbili zingetoa 1.2.

"Kosa ni langu," alisema. "Jedwali lenyewe halifai. Twende kwa mwalimu mkuu."

Bwana Mwandawiro aliwasikiliza huku orodha iliyokwisha pigwa taipu iko mbele yake, na hakupendezwa.

"Bwana Ndambuki, kumi na watatu hawakulalamika."

"Walitumia mkato. Jibu lao limelingana na langu kwa bahati tu. Jedwali likiwa bovu hakuna jibu sahihi, kwa hiyo zile sita za variansi tuwape wote."

"Na huyu?"

"Huyu atakuwa na hamsini na mbili. Afanye hesabu kamili."

Mwalimu mkuu alizigeuza zile karatasi mbili, akaleta miwani karibu. Pembeni mwa jedwali kwenye karatasi ya Wakesho palikuwa na maandishi ya penseli yaliyofutwa, lakini alama ya penseli ilibaki imekandamizwa. Akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa umeandika 1.1. Uliliona?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa ukafuta kwa nini? Si ungeinua mkono umwambie msimamizi?"

Wakesho alitazama sakafu.

"Mwaka jana kwenye kidato cha tano nilimwambia mwalimu kwamba amekosea alama ya kutoa ubaoni. Aliniambia nikae chini, kama najua sana nije nifundishe mimi. Nikasema basi, labda ni mimi sielewi."

Bwana Mwandawiro alivua kifuniko cha kalamu, akakata jina la Wakesho kwenye orodha ya hesabu ndogo, akaliandika kwa mkono chini ya ile ya hesabu kamili, akatia sahihi kando yake.

Kidato cha tano cha mwaka jana alikifundisha Ndambuki mwenyewe, naye alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Alitafuta darasa, ubao, mkono ulioinuliwa, na maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Hakuona chochote. Kwake ilikuwa siku ya kawaida tu, na aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Wakesho," alisema walipotoka, "ulikuwa umeona sawa."

"Asante, mwalimu," alijibu, akaenda darasani mbio kwa sababu kengele ilikuwa imeshalia.