Upande wa Kulia

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kaka yangu naye ana kinyongo cha kutunza, cha kuweka kabatini na kukitoa siku kikiwa kimeiva. Baba yetu alikuwa na vyote viwili, ndiyo maana miaka sita alipita mbele yangu kama anapita mbele ya ukuta.

Kosa langu lilikuwa cherehani yake. Baba alikuwa fundi nguo, macho yakamchoka, cherehani ikakaa pembeni imefunikwa shuka. Nikaiuza bila kumwuliza, nikanunua kompyuta ya kwanza ya kuhariri video. Nilidhani amekwisha kuisahau. Kumbe alikuwa anaifuta vumbi kila Ijumaa. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena, hata alipoanza kuumwa. Nikienda kumwona anageukia ukutani, basi, nakaa na mama jikoni, nakunywa chai, naondoka.

Nilijifanya sijali. Nilijali hadi nikaumwa vidonda vya tumbo.

Baba alipozidiwa, kaka aliazima kamera ya shuleni kwake. Yeye ni mwalimu mkuu, na mtu asidhani anasahau hilo hata akiwa bafuni. Akamhoji baba kitandani, wawili tu chumbani, ili wajukuu wawe na kumbukumbu. Baba alifariki wiki ya pili yake. Baada ya mazishi kaka akaniletea kadi ya kamera studio, akasema sauti inatoka spika ya kushoto tu, nirekebishe, tutaitazama siku ya kumkumbuka. Akasisitiza kadi irudi haraka tena ikiwa tupu, shule ina mahafali.

Kazi hiyo mimi naifanya nikiwa nasinzia. Video ina njia mbili za sauti, kushoto na kulia. Mpiga picha akichomeka maiki moja tu, inaingia kushoto, kulia kunabaki kimya, na mteja anakuja analia kwamba spika yake imekufa. Dawa yake ni kunakili njia ya kushoto na kuibandika juu ya ile ya kulia. Sauti inatoka pande zote mbili, mteja anafurahi, anakusifu kana kwamba umefufua mtu.

Nimezifanya nyingi sana, ndiyo maana nikawa na utaratibu wangu wa kivivu. Nasikiliza sekunde kumi za mwanzo. Naangalia ile mistari miwili inayopanda na kushuka kwa sauti. Wa kulia ukilala, naiamuru programu inakili, tena ihifadhi juu ya faili lile lile, maana diski yangu imejaa siku zote. Kuangalia hadi mwisho nilishaacha. Nani ana muda wa kusikiliza hotuba za harusi za watu?

Faili la baba nililifungua nikiwa nimekunja uso. Sekunde kumi za mwanzo alikuwa kaka anaongea, anataja tarehe, anajitambulisha kwa cheo, anashukuru wote waliofanikisha, kama vile yuko kwenye kikao cha wazazi. Mstari wa kushoto ukaruka, wa kulia ukalala chali. Nikasema hapa hakuna jipya. Na kusema kweli sikutaka kumsikia baba akiongea na kaka kwa upole ambao mimi nilinyimwa. Nikaamuru programu, ikafanya, nikafuta kadi, nikairudisha. Shule ikaijaza mahafali yake.

Siku ya kumkumbuka tulijazana sebuleni kwa mama. Kaka alikuwa ameleta spika mbili kubwa, akaziweka kushoto na kulia kwa runinga. Video ikaanza, sauti yake ikatoka kote kote, safi. Shangazi akanipigapiga begani, akanisifu kwamba kweli kazi naijua. Nikavimba kichwa.

Kisha kaka, kwenye video, akamwuliza baba swali la kwanza. Midomo ya baba ikaanza kusogea. Kwenye spika tukasikia feni. Chini ya feni kulikuwa na mnung'uniko wa mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Baba akanyamaza, kaka akauliza tena, ikasikika kila herufi. Baba akajibu, tukasikia feni.

Nilielewa kabla ya wote. Maiki zilikuwa mbili. Ya kifuani kwa kaka iliingia kushoto, ya baba iliingia kulia. Kulia hakukuwa patupu, baba alikuwa tu hajaanza kuongea, anamsubiri mwalimu mkuu amalize utangulizi. Na kaka naye, alipojaribu video nyumbani kabla ya kuniletea, alijisikiliza mwenyewe kidogo, akaridhika, akazima. Mimi nikachukua sauti ya kaka nikaibandika juu ya sauti ya baba, maneno yake yote. Ule mnung'uniko ni kile kidogo tu kilichoifikia maiki ya kaka.

Mama akaomba waongeze sauti. Wakaongeza, feni ikanguruma.

Ndipo likaja swali lenyewe. Kaka akauliza, kwenye video, "Baba, na mdogo wangu je? Una neno lolote kwake?"

Baba alifumba macho. Akayafumbua, akaitazama kamera, akaongea. Aliongea kirefu, mtu ambaye kwangu alikuwa bahili wa hata salamu. Mara moja aliinua mkono akaushusha. Sikujua kama ni mkono wa kufukuza au wa kuita. Nilipiga magoti mbele ya spika ya kulia, nikaliweka sikio pale kwenye kitambaa chake, mbele za watu wazima wote wale, na nikasikia feni.

Nilihangaika mwezi mzima. Nikachukua tena ile kadi, nikajaribu kila programu ya kurudisha mafaili, zikanirudishia wanafunzi wakipokea vyeti. Nikampelekea video mtu asiyesikia, anayesoma midomo. Akasema ndevu zimeziba na uso umeegemea mto. Alipata neno moja tu, "cherehani", na hilo hata mimi ningelikisia.

Aliyebaki anajua ni kaka. Sasa sikia alivyonifanya. Mbele ya wageni anasema baba alinisamehe, tena alilia. Tukigombana, hata kwa jambo dogo la kufunga geti, anasema baba aliagiza nisikanyage kaburini kwake. Nikimkumbusha lile la kwanza anatabasamu, anasema ah, lile lilikuwa la kuwafariji watu. Kesho yake anasema lile la pili lilikuwa la hasira.

Juzi nilishindwa. Nilimfuata kwa mama, nikamkuta sebuleni anasahihisha karatasi. Nikamwambia nitambeba mgongoni maisha yangu yote, nitamwita bwana, ila aniambie ukweli mara moja tu, na baada ya hapo hata asiniongeleshe. Nililia. Mwanaume mzima, nina mvi.

Kaka akafunika kalamu yake.

"Dakika mbili na sekunde kumi," akasema. "Nilihesabu. Ulikuwa nazo mkononi, ukaona uvivu kuzisikiliza. Sasa ni zangu."

Mama akauliza kutoka jikoni tunaongea nini. Kaka akamjibu kwamba hatuongei kitu, akaendelea kusahihisha.