Kiti cha Dirishani

Saluni yetu ya kunyolea ina viti vitatu, na watu wote wanajua kiti chenye faida ni kipi. Kiti cha dirishani kina mwanga wa jua, kinaonekana kutoka barabarani, na mteja akiingia tu makalio yanajipeleka pale yenyewe. Cha katikati kina afadhali. Cha nyuma kiko karibu na pipa la maji, chini ya taa inayopepesa, na anayekikalia ni mteja mwenye haraka au aliyekosa nafasi kwingine. Vinyozi wanalipwa kwa kichwa. Hapo huhitaji kuelezwa zaidi.

Zamani waligombana mpaka mkasi ukarushwa. Bosi akachoka, akasema kwa kuwa nyote mnashinda kwenye simu na fantasi zenu, basi fantasi iamue, ule mchezo wa kujipangia timu ya wachezaji wa ligi na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani. Atakayemaliza msimu juu anakaa dirishani mwaka mzima, wa mwisho anakwenda kwenye pipa. Tangu siku hiyo Profesa hajatoka dirishani. Misimu mitatu.

Mama Pacha amekaa nyuma misimu miwili, tangu alipoajiriwa. Ana mkono mwepesi kuliko wote, hilo hata Profesa analijua, ila hasemi. Kati yao yupo Shemeji, kaka wa mke wa Bosi, ambaye timu yake ya fantasi huwa ina majeruhi wanne na yeye hana habari. Msimu huu Shemeji alikuwa mbali sana nyuma, kwa hiyo Mama Pacha alishajihakikishia cha katikati. Sisi wa benchi la kusubiri tulimwambia atosheke.

"Cha katikati ni cha kupumzikia," alijibu. "Mimi sijachoka."

Zilibaki wiki mbili za ligi, na Profesa alikuwa mbele kwa pointi thelathini na moja.

Sasa lazima mjue sheria ya kioo, maana Profesa ndiye aliyeileta. Fantasi yenyewe inakuruhusu kubadili nahodha mpaka saa moja na nusu kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Saluni hairuhusu. Ijumaa saa sita mchana kila mmoja anaandika jina la nahodha wake kwenye kioo kikubwa kwa kipande cha sabuni, na kilichoandikwa hakifutwi. Ukibadili baadaye, pointi zako za wiki hiyo hazihesabiwi. Na anayeongoza anaandika wa mwisho.

Hapo kwenye kuandika mwisho ndipo Profesa alipokuwa anawamaliza wenzake. Pointi za nahodha zinazidishwa mara mbili. Ukiwa mbele, mtu anayekufukuza hawezi kukufikia kama nahodha wako ndiye nahodha wake, kwa sababu akipata, na wewe umepata. Kwa hiyo Profesa alisubiri, akasoma, akaandika jina lilelile. Mwaka mzima kioo kimejaa mapacha, na wale watoto wa Mama Pacha hawamo.

Mama Pacha alilijua hilo tangu mapema. Alichokuwa anatafuta ni nahodha ambaye Profesa hawezi kumnunua.

Nyuma ya chupa za spiriti alikuwa na kipande cha katoni amekichora mistari kama kalenda. Miezi miwili iliyopita, timu ya jezi nyeupe ilipoingia nusu fainali ya kombe, mechi yao moja ya ligi iliahirishwa bila kupewa tarehe. Sisi tulisoma habari hiyo tukageuza ukurasa. Yeye alikaa na katoni, akafuta wiki zote ambazo Weupe walikuwa na mechi za katikati ya wiki, ikabaki moja tu iliyo wazi, ile ya pili kutoka mwisho. Akaizungushia duara. Maana yake wiki hiyo Weupe watacheza mara mbili, na mchezaji wao atakuwa na nafasi mbili za kuokota pointi wakati wengine wana moja.

Akaanza kujipanga polepole. Bajeti ya fantasi ni ileile kwa kila mtu, milioni mia kwa wachezaji kumi na tano, na huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka timu moja. Aliuza beki wa bei mbaya, akaweka wa bei ya chee, akabaki na chenji mkononi. Kwa chenji hiyo akamnunua kiungo wa Weupe tuliyemwita Fundi, kwa saba nukta tatu, wakati hakuna aliyemtaka. Na ile karata ya nahodha mara tatu, ambayo unaitumia mara moja tu, alikuwa hajaigusa. Profesa aliichoma yake mwezi wa tano wa ligi, wiki ambayo nahodha wake alipewa kadi nyekundu. Huwa hapendi tuikumbushe, kwa hiyo tunaikumbusha.

Ijumaa ikafika. Wiki ya mechi mbili. Shemeji aliandika jina la mtu aliyevunjika mguu tangu majira ya baridi, akarudi kwenye kiti chake kwa amani.

Mama Pacha akanawa mikono, akashika sabuni. Akaandika: FUNDI, MARA TATU.

Benchi zima likaanza kunong'ona. Weupe hao hao wanaye Mnara, mshambuliaji wao, mfungaji bora wa ligi. Kila mtu mwenye akili timamu alikuwa anampa Mnara unahodha, na hata Mama Pacha mwenyewe alikuwa naye kwenye timu.

"Mama Pacha, umeacha nyama umekumbatia sahani," alisema Profesa. Alikuwa anamnyoa dereva wa lori, upande mmoja wa kichwa umekwisha, upande mwingine msitu.

"Mnara ametoka kuuguza paja, Profe. Msimu huu, kila wakicheza mara mbili ndani ya siku tano, kocha anamtoa dakika ya sitini au hamwanzishi kabisa. Mara tatu nimehesabu. Na Jumamosi inayofuata wana fainali ya kombe. Fundi hatolewi. Penalti zake, faulo zake, kona zake."

"Kwa hiyo umenifundisha. Asante. Sasa nakunakili."

"Nakili. Sabuni hii hapa."

Profesa akaweka mashine chini, akachukua simu. Tulimwona akibonyeza, akifuta, akibonyeza tena. Tayari alikuwa na Weupe watatu, yaani kipa, beki na Mnara. Kumleta Fundi kulimaanisha mmoja wao aondoke kwanza. Mnara hatoki, beki naye alikuwa na mechi mbili, akamtoa kipa. Akaweka kipa wa bei ya chini kabisa, akaokoa milioni moja na nukta mbili. Akamtoa kiungo wake wa milioni sita. Lakini Fundi sasa alikuwa amepanda bei hadi saba nukta sita, na benki Profesa alikuwa na nukta moja tu. Ilipungua nukta tatu. Ili zipatikane, ilibidi auze mtu wa tatu.

"Mabadiliko matatu," alisema Mama Pacha bila kugeuka, akifagia nywele. "Ya bure unalo moja. Mengine mawili ni pointi nne nne."

"Kaka, kichwa changu," alisema dereva wa lori.

"Subiri."

"Nasubiri, lakini nina nusu."

Profesa akaitazama skrini kwa muda mrefu. Sheria yake ndiyo iliyokuwa inambana: ikigonga saa sita, basi. Akacheka kicheko cha puani. "Nitoe pointi nane kwa ajili ya mpiga kona? Mimi nina thelathini na moja mfukoni. Siogopi mtu wa kwenye pipa." Akaandika MNARA kwa herufi kubwa kuliko za wote.

Jumamosi Mnara alipiga mawili, akatolewa dakika ya sitini na moja, akiwa na pointi kumi na tatu. Kwa Profesa zikawa ishirini na sita. Kwa Mama Pacha kumi na tatu tupu. Fundi alikimbia dakika zote tisini na asiguse hata pasi ya goli. Pointi mbili za kucheza, moja ya timu kutofungwa, mara tatu ni tisa. Wachezaji wengine wa pande zote mbili walilingana. Pengo likawa thelathini na tano.

Jumatatu tulimtania mpaka tukaona haya. Mmoja wetu alimletea taa mpya ya kiti cha nyuma. Mama Pacha akaipokea, akamshukuru, akaiweka juu ya kabati bila kuifunga.

"Hata kuijaribu hutaki?" tukamuuliza.

"Mnara alitolewa dakika ya sitini na moja," alisema. "Hamkuona kocha alivyomshika bega? Anamtunza. Mechi ya pili ni keshokutwa."

Jumatano jioni Bosi aliacha televisheni ikiwaka na mlango wazi, watu wakajaa mpaka ngazini. Majina ya wanaoanza yalipotoka, tulimtafuta Mnara kwa macho, tukamkuta chini, kwenye orodha ya benchi. Profesa akaanza kusafisha mashine ambayo ilikuwa safi.

Dakika ya ishirini penalti, Fundi akaweka. Dakika ya hamsini faulo nje ya boksi, Fundi akaupinda mpira juu ya ukuta wa watu. Weupe wakafungwa moja, kisha Fundi akapiga kona na beki akamalizia kwa kichwa. Mnara aliingia dakika ya themanini na tano, akapunga mkono kwa mashabiki, ikawa pointi moja.

Shemeji ndiye aliyehesabu, maana hana upande. Mbili za kucheza, tano na tano za magoli, tatu za pasi, tatu za ziada kwa kuwa bora uwanjani. Kumi na nane. Mara tatu, hamsini na nne. Beki walikuwa naye wote, pointi zake zikafutana. Profesa aliambulia mbili za Mnara na mbili za kipa. Mama Pacha, ukiongeza na moja yake ya Mnara, alikuwa ametoka nyuma kwa thelathini na tano, akakaa mbele kwa kumi na sita.

"Zilikuwa nane tu, Profe," alisema dereva wa lori, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili hiyo.

Ikabaki wiki moja. Fainali ya kombe ikapita, na Ijumaa iliyofuata Profesa alishika sabuni saa tano na dakika hamsini na tano, akaiweka, akaishika tena. Sasa yeye ndiye wa kufukuza, na wa kufukuza anatangulia. Aliandika MNARA, kwa herufi za kawaida. Karata hana, akiba hana, na mwenzake anaye Mnara tangu zamani.

Mama Pacha akapangusa mikono kwenye aproni, akasogea. Chini yake akaandika: MNARA.

"Huoni aibu?" alisema Profesa.

"Naona. Lakini sheria ni nzuri, sijui nani aliitunga."

Walimaliza kwa tofauti ya pointi kumi na moja, Mama Pacha juu. Jumatatu asubuhi Mama Pacha alihamisha vichana vyake, chupa zake na ile katoni hadi dirishani. Taa mpya alikuwa ameshaifunga mwenyewe, kule nyuma. Shemeji alikuwa wa mwisho kwa mbali, kwa hiyo pipa lilikuwa lake, na Profesa akakaa katikati akivuta kiti kama kina uzito wa jiwe.

Mteja wa kwanza akaingia, akatazama kiti cha dirishani, akasita.

"Profesa yuko wapi?"

"Huyo hapo katikati," alisema Mama Pacha, akikung'uta kitambaa. "Ana nafasi. Ukitaka nenda kwake."

Mteja akatazama katikati, akatazama jua lililokuwa limejaa kwenye kiti. Akakaa.