Pengo la Tatu

Tangu kiharusi kimwangushe, mzee alibaki na neno moja tu kinywani: sawasawa. Ukimuuliza ameshiba, sawasawa. Ukimuuliza mguu unauma, sawasawa. Siku moja mwanawe mkubwa alimuuliza kwa kejeli, "Baba, nyumba inaungua?" Naye akajibu kwa upole uleule, "Sawasawa." Tangu siku hiyo wanawe waliacha kuzungumza naye. Wakawa wanazungumza juu yake, kama watu wanavyozungumza juu ya meza.

Binti yake kitindamimba ndiye aliyeishi naye, akimlisha na kumwogesha. Ndiye pia aliyempeleka kwenye mazoezi ya kuongea, ingawa hakuyaamini. Alikwenda kwa sababu hospitali iliandika aende.

Chumba cha mazoezi kilikuwa kidogo, kina meza, viti vitatu na feni iliyokuwa ikilalamika darini. Mtaalamu wa usemi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimsalimia mzee kwanza, binti baadaye. Jambo hilo lilimshangaza binti kidogo.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimeambiwa ulikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji. Basi leo nimekuletea kazi yako."

"Sawasawa," alisema mzee.

Binti akatabasamu kwa uchovu. "Dada, usijisumbue. Hilo neno ni kama kikohozi. Haelewi kitu."

Mtaalamu hakubisha. Aliweka mbele ya mzee karatasi yenye maandishi makubwa, na chini yake kadi tatu: *mlango*, *dirisha*, *sanduku*. Kisha akasoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole: "Upepo ulikuwa ukijaza vumbi chumbani. Dada aliinuka akafunga…" Hapo palikuwa na mstari mtupu. Aliugonga kwa kidole, akaendelea: "Alipolifungua tena, aliona kioo chake kimoja kina ufa."

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umekufa ganzi, ukilala mapajani kama si wake. Wa kushoto ukanyanyuka, ukaenda moja kwa moja kwenye *mlango*.

"Si nilikwambia," alisema binti.

"Ngoja. Hajaishika bado."

Kidole kilikuwa kimesimama juu ya kadi. Macho ya mzee yalikuwa yamerudi kwenye karatasi, kwenye sentensi iliyofuata pengo, yakaganda pale penye *alipolifungua*. Midomo yake ikacheza bila sauti. Kidole kikauacha mlango, kikapita juu ya sanduku bila kutua, kikaibonyeza *dirisha* kwa nguvu.

"Umeona?" mtaalamu alimwambia binti. "Upepo na vumbi vilimpeleka mlangoni, na si kosa, mlango nao hufungwa upepo ukivuma. Lakini mlango tungesema *alipoufungua*. Hiyo *li* imemkatalia. Sanduku lingekubaliana na *li*, ila nani anafunga sanduku kuzuia vumbi la chumbani? Limebaki dirisha, na kioo kikathibitisha."

Binti alitikisa kichwa. "Dada, huyu mtu kasahihisha maandishi ya watu miaka nenda miaka rudi. Hizo *li* na *u* ziko kwenye vidole vyake. Hata kasuku hakosei wimbo wake. Kupatanisha sarufi si kuelewa."

"Umesema kweli," alijibu mtaalamu. "Basi tuiondoe sarufi."

Akaandika upya, akakata kadi nne. Safari hii alisoma: "Mvua iliingia stoo, na asubuhi jiko la mama halikushika moto. Aliutandaza… uani akangoja jua. Jioni ukawaka vizuri." Kadi zilikuwa *mkeka*, *mchele*, *unga* na *mkaa*.

"Angalia. Yote manne husemwa *u*. Yote manne hutandazwa uani. Kiambishi hakimsaidii hapa. Anayetaka jibu lazima ajue kwa nini jiko halikuwaka, na nini kinachowaka jioni."

Mzee alisoma. Feni ililalamika. Binti alijikuta akimwombea baba yake akosee, akashtuka kwa ombi lake mwenyewe, kwa kuwa alijua linatoka wapi. Kama baba anaelewa habari ya jiko na mvua, anaelewa na mengine.

Kidole kikatua kwenye *mkaa*. Kisha mzee akainua uso akamtazama binti yake. Hakumtazama mtaalamu. Alimtazama yeye.

Yalimrudia binti yote kwa mpigo: kaka yake amekaa ukingoni mwa kitanda kilekile cha baba, akisema, "Huyu keshakwenda, kimebaki kiwiliwili." Wifi akipima kwa macho chumba cha mzee, akisema kitamfaa. Na yeye mwenyewe, bakuli la uji mkononi, kijiko kimoja akikipeleka kinywani mwa baba, akijibu bila hata kupunguza sauti, "Kwa kweli, bora Mungu angemchukua siku ileile."

Na baba alikuwa amefungua kinywa, akaupokea uji.

"Nipe kalamu," binti alisema.

Aliandika: *Watoto walizungumza mbele ya baba yao wakidhani haelewi. Baba alielewa maneno yao…* Akachora mstari. Kwenye kadi akaandika *machache*, *mengine*, *yote*.

Mtaalamu aliisoma, akavua miwani. "Dada, pengo hili halina jibu ndani ya kifungu. Kisarufi zote zinaingia, na sentensi ya kwanza haisemi alielewa kiasi gani."

"Najua. Jibu analo yeye."

Mzee aliisoma mara moja tu. Hakusita hata kidogo. Alichukua *yote*, akaiweka juu ya mstari, akainyoosha kwa kidole ili isikae upande, kama msahihishaji.

Binti hakulia. Machozi yangekuwa nafuu. Alikaa tu, mikono juu ya meza, akihisi amevuliwa nguo mbele ya watu. Kisha akasema, "Baba, nisamehe."

"Sawasawa," alisema mzee.

Hakujua kama amesamehewa au ni kile kikohozi. Mtaalamu alimsogezea kadi tupu na kalamu, akasema kwa upole, "Ukitaka kujua, muulize vizuri." Lakini binti hakuthubutu, si siku ile. Alimfunga baba yake vifungo vya shati, akamwambia kila anachofanya, sasa mkono huu, sasa tunainuka, na njia nzima aliendelea kumweleza barabara inavyokwenda.

Jioni kaka mtu alikuja kama kawaida yake. Aliingia chumbani bila hodi, akarusha funguo juu ya kitanda. "Bado yupo tu mzee wa sawasawa? Nimeongea na dalali kuhusu hii nyumba—"

"Kaka, nyamaza."

"Kwani nini?"

"Anaelewa. Amekuwa akielewa tangu siku ya kwanza. Na ile ya wifi na chumba pia."

Kaka mtu alicheka, akatafuta kicheko usoni mwa dada yake asikione. Akamgeukia baba. Mzee alikuwa ameegemea mto, macho makavu, yakimsubiri.

Kicheko kilikufa. Akaziokota funguo, akazirudisha palepale. Hatimaye akapiga goti sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, akasema kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia, "Shikamoo, baba."

Mzee alimwangalia muda mrefu. Neno lake moja lilikuwepo, tayari ulimini. Safari hii hakulitoa.