Chupa Iliyonuka Chini ya Kitanda

Harufu ilianza Jumatatu, na kufikia Jumatano Benigna alikuwa na hakika kwamba panya amefia ndani ya nyumba. Alivuta kitanda, akainua mkeka, akapiga magoti. Hapakuwa na panya. Palikuwa na boksi la mume wake la nguo za kazi, na ndani yake, chini ya ovaroli, chupa ya soda iliyozibwa kwa jani la mgomba.

Aliitoa nje na kuifungua. Ndani mlikuwa na mafuta ya kahawia yaliyochacha, na katikati kilielea kipande cha nyama chenye manyoya machache. Alitapika pale pale kando ya mti wa kahawa, akasukutua kinywa kwa maji mara tatu, na bado alisikia ule uvundo kwenye ulimi.

Mumewe, Rwegasira, alirudi saa kumi. Kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha utafiti hapo Maruku. Alipasua mashina ya migomba yaliyooza na kuokota fukusi na funza kwa mkono. Katika miaka kumi na miwili ya kazi hiyo Benigna hakuwahi kumwona akikunja pua kwa kitu chochote.

Alimkuta mkewe akimenya ndizi mlangoni pa jiko. Chupa ilikuwa mbele yake, juu ya jiwe.

"Baba Mwijage," Benigna alisema, "hii ni nini?"

Rwegasira alivuta kigoda na kuketi.

"Dawa. Kuna mtu anauza kwenye gulio la Muleba. Ni kipande cha pumbu la beberu, kimelowekwa kwenye mafuta ya samaki. Nakunywa kijiko kimoja alfajiri."

"Unakunywa."

"Kwa wiki tatu sasa. Naziba pua."

Benigna aliweka kisu chini. Alijua dawa ile ni ya nini. Mwezi wa tano sasa walikuwa wakigeuziana migongo.

"Waitu, mume wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utadhani nina mwanamke huko mjini Kashai, ndiyo maana huku nakuja nimechoka."

"Na mimi nilidhani umeniona nimezeeka. Tumekaa kama wajinga wawili." Alichukua ndizi nyingine, akaimenya polepole. "Sasa niambie inavyokuwa. Mimi si mgeni wako. Hamu huna?"

"Hamu ninayo. Nakutaka kama zamani. Kichwa kinataka, mwili hausikii. Unaanza kusimama, halafu unalegea kabla hatujafika popote. Siku hizi hata kuanza hauanzi."

"Na asubuhi? Zamani ulikuwa unaamka umesimama, ukaona aibu kupita sebuleni mama yako akiwepo."

Rwegasira alicheka kidogo, bila kutarajia. "Hata asubuhi. Naamka kama nguo iliyolowa. Pale kwenye shamba la ujamaa siku za Jumamosi wanaume wanazungumzia mambo hayo kama wanazungumzia majogoo. Fulani amekwisha, fulani mkewe atamkimbia. Wakicheka nacheka nao. Narudi nyumbani najisikia kichefuchefu kuliko cha hiyo chupa."

"Wachafu hao," Benigna alisema. "Mdomo wa mtu kama huyo sitaki hata ule kwenye sahani yangu."

Alimtazama upya. Mumewe alikuwa amekonda. Kila usiku alitoka kukojoa mara nne au tano, na mtungi wa maji aliumaliza peke yake. Alilalamika kwamba nyayo zinawaka moto, siku nyingine kwamba hazisikii kitu.

"Unakojoa wapi usiku?"

"Pale nyuma, kwenye mgomba wa mwisho. Choo kiko mbali."

"Twende ukanionyeshe."

Walikwenda. Chini ya mgomba udongo ulikuwa mweusi, na juu yake sisimizi walijaa kama kwenye chai iliyomwagika, wakipanda juu ya wenzao. Nzi wa kijani waliruka na kurudi, wakanyonya pale pale. Benigna alifunika mdomo kwa kanga. Rwegasira, mtu wa funza na uozo, aligeuza uso.

"Hicho ni changu?" aliuliza. "Kimetoka kwangu?"

"Ni sukari. Shangazi yangu wa Muleba alikuwa hivi hivi, sisimizi wakafuata mpaka sufuria ya usiku. Aliitibu kwa mizizi mpaka mguu ukaoza, na mimi ndiye niliyemfunga vitambaa. Harufu ile sitaki kuisikia tena kwako." Alimshika mkono. "Wewe hunichukizi. Ugonjwa ndio unaonichukiza."

Ijumaa walipanda basi kwenda Bukoba mjini. Hospitalini aliwapokea mganga msaidizi aitwaye Burhani, mtu mwembamba asiye na haraka. Alimpa Rwegasira kichupa akojolee. Kisha akachukua dawa ya buluu kwenye bomba la kioo, akadondosha matone manane ya mkojo, akalipasha moto juu ya taa ya spiriti. Chumba kilijaa harufu ya mkojo uliochemka. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, mwisho ikatulia rangi ya tofali.

"Sukari nyingi," Burhani alisema. "Kuna jingine linalokusumbua?"

Benigna alimtazama mumewe, akaacha aseme mwenyewe.

"Uume hausimami," Rwegasira alisema. "Miezi mitano."

Burhani aliandika kama vile ameambiwa kikohozi. "Hamu ipo? Asubuhi hausimami kabisa? Tatizo lilikuja polepole?" Alipojibiwa aliweka kalamu. "Uume hauna mfupa. Ukiwa na hamu, mishipa ya fahamu inapeleka habari, mishipa ya damu inafunguka, damu inajaa na kubanwa humo ndani. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu inaharibu mishipa ya aina zote mbili. Ndiyo inayounguza nyayo zako pia. Si uzee, si uchawi, na si mkeo."

Benigna alitoa chupa kwenye kikapu. Burhani aliinusa, akairudisha haraka na kwenda dirishani.

"Hii itakuua kwa kuhara kabla sukari haijakumaliza. Mwageni. Na niwaambie kweli, hata mimi sina kidonge cha kuusimamisha. Ninacho cha kushusha sukari. Acha pombe ya lubisi, acha sigara, punguza ndizi kwenye sahani, kila siku kagua nyayo zako. Nguvu zinaweza kurudi, pengine nusu, pengine zisirudi. Na msiufanye usiku kuwa mtihani. Mtu akiogopa, mishipa inajifunga hata kama ni mizima. Shikaneni bila kutaka lazima mfike mahali."

Chupa waliimwaga kwenye choo cha hospitali, Benigna akiwa ameziba pua kwa vidole viwili.

Vidonge vilimpa Rwegasira ladha ya chuma mdomoni, na uji bila sukari aliumeza kwa kinyaa. Lubisi ndiyo ilikuwa ngumu zaidi kuiacha. Mara mbili alirudia kuinywa, mara mbili akamweleza mkewe bila kuulizwa. Baada ya miezi minne kiu ilikuwa imekwisha na alilala bila kuamka zaidi ya mara moja.

Jumapili moja mchana, baada ya misa, mvua ilipiga mabati hata hawakusikiana. Walilala wakashikana. Uume ulisimama, si kama zamani, ukakaa kidogo, ukalegea. Rwegasira alitaka kugeuka.

"Usiende," Benigna alimwambia sikioni. "Mkono wako upo. Mimi bado nipo."

Alibaki. Alimshika mkewe alivyopenda kushikwa, taratibu, mpaka akasikia pumzi yake ikibadilika na vidole vyake vikimkaza begani. Baadaye Rwegasira alimuuliza kama hakuchukizwa.

"Na nini?" Benigna alisema akiwa amefumba macho, na kabla hajajibiwa alikuwa amelala.