Dawa za Kugawana

Mwanangu seremala, tumbo lilimrudia. Kipimo cha choo kikaonyesha mdudu wa vidonda vya tumbo bado yumo.

"Dawa ulimaliza, kaka?" daktari akauliza.

"Niligawana na mke wangu. Naye alikuwa anaumwa."

"Mpe zilezile," nikadakia, "safari hii atameza zote."

"Hapana, bibi. Mdudu aliyepigwa nusu hurudi na ngao. Klarithromaisini, ile dawa ya kwanza, huenda ameshaizoea. Tunabadilisha: bismathi, tetrasaiklini, metronidazo na ya kupunguza asidi, wiki mbili bila kuruka. Mkeo naye aje apimwe."

Mwanangu akainama.

"Tumeshamzika, daktari," nikasema. "Kidonda kilitoboka."

Nyumbani alimimina vidonge mezani, akavigawa mafungu mawili kama alivyozoea. Nikavisukuma vyote upande wake.

"Meza, baba. Vyote ni vyako."